Mtoto anapolazwa: Likizo ambayo mzazi anayelea peke yake anaweza kuomba

Sheria ya Ajira ya 2007 nchini Kenya imetaja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi kwa mama na kwa baba, na tangu 2021 ile ya mzazi anayejiandaa kupokea mtoto wa kuasili. Haina likizo ya kumuuguza mtoto. Mzazi wa Majengo, kisiwani Mombasa, ambaye mwanawe amelazwa na hana mwenzake wa kupokezana naye wodini, hulazimika kuiomba ruhusa hiyo kupitia mlango mwingine.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuomba likizo ya ugonjwa. Kifungu cha 30 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za mshahara kamili na nyingine 7 za nusu mshahara kwa mwaka, lakini kwa cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba ni yeye mwenyewe asiyeweza kufanya kazi. Cheti cha mtoto hakitoshi. Anayemwomba daktari amwandikie ugonjwa asiokuwa nao hujitia katika udanganyifu, na shauri la mtoto hugeuka kuwa shauri la nidhamu.

Mlango ulio wazi ni likizo ya mwaka. Kifungu cha 28 kinampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi, zenye malipo kamili, kila anapotimiza miezi 12. Siku hizo zaweza kugawanywa kwa makubaliano, na salio kuchukuliwa kabla ya kupita miezi 18 tangu mwaka huo wa kazi ulipokwisha. Baadhi ya maagizo ya mishahara ya sekta mbalimbali yanataja pia likizo ya huruma, ambayo kwa kawaida hukatwa kutoka siku hizi hizi. Kwa hiyo mkataba wa kazi, au mapatano ya chama cha wafanyakazi, ndio wa kusomwa kwanza, kwani huenda ukampa mzazi zaidi ya sheria.

Tuchukue mfano wa mama anayefanya kazi katika bohari na ambaye ametimiza miezi 20. Katika siku 21 za mwaka wa kwanza alichukua 14, zimebaki 7. Mtoto analazwa Jumatatu jioni kwa homa ya mapafu, na daktari anakadiria siku tano. Usiku huo anampigia simu msimamizi wake, kisha anamtumia ujumbe mfupi ili pabaki ushahidi. Asubuhi anapeleka barua ya kuomba siku 5 za kazi, Jumanne hadi Jumamosi, zikatwe kutoka kwa zile 7. Anataja siku atakayorejea, mwenzake atakayeshika funguo za bohari, na kwamba yeye ndiye mlezi pekee. Hana haja ya kueleza habari za ndoa yake. Anaambatisha barua ya wodi inayoonyesha tarehe ya kulazwa na kwamba mzazi anahitajika kukaa na mtoto. Daktari akiongeza siku, mama huomba tena kabla ya Jumamosi kwisha.

Aliyemaliza siku zake, au asiyetimiza mwaka, huomba likizo bila malipo. Anayelipwa Sh26,000 kwa siku 26 za kazi hupoteza Sh1,000 kwa siku. Siku tano ni Sh5,000. Likizo hii hutegemea hiari ya mwajiri, na ndipo mzazi anayelea peke yake huumia zaidi, kwa kuwa mshahara unaokatwa ndio unaosubiriwa kulipia dawa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, humpa mtoto haki ya matibabu na ya malezi ya wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Haki hiyo yaweza kumbana baba achangie gharama, lakini haimpi mama siku za mapumziko kazini.

Hatari kubwa ni kuondoka kimya. Kifungu cha 44 kinahesabu kutokuwapo kazini bila ruhusa au sababu nyingine halali kuwa kosa linaloweza kumfanya mtu afutwe papo hapo. Hata hivyo, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza kwanza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Hapo ndipo ule ujumbe wa simu, nakala ya barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa na karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini hupata thamani. Aliyefutwa bila kusikilizwa anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba wa kaunti, au kufungua kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo husikiza kesi mjini Mombasa.