Mdororo Mkuu: 1929 Ilikuwa Kiberiti Tu

Wasee wa marudio, ukiulizwa chanzo cha Mdororo Mkuu, usiandike tu "soko la hisa la Marekani lilianguka Oktoba 1929" halafu uachie hapo. Hiyo ilikuwa kiberiti. Petroli ilikuwa imemwagwa kitambo.

Vita vilipoisha 1918, wakulima wa Ulaya walirudi shambani, lakini Marekani na Kanada hawakupunguza ngano. Ikajaa sokoni, bei ikashuka. Pili, Ulaya ilikuwa inaishi kwa mikopo ya Marekani. Tatu, Wamarekani wengi walinunua hisa kwa pesa za kukopa. Hisa zilipoanguka, benki zikadai pesa zao, na Ulaya ikakauka. Nne, 1930 Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za nje, wengine wakalipiza, biashara ikaganda.

Sasa tukuje Thika. Mkonge wetu ulikuwa wa kutengeneza kamba, na kamba nyingi zilifunga ngano huko nje. Mkulima wa ngano akifilisika, nani atanunua kamba? Kahawa ya Ruiru nayo ilishindana na ya Brazili, iliyojaa hadi serikali yao ikaichoma.

Kwenye athari andika hivi: bei ilishuka, mshahara wa kibarua ukashuka, lakini kodi ya nyumba ikabaki shilingi 12.