Wanapita Moja Moja Bila Kusalimiana: Swahili ya Katanga na Namna ya Kupanga Eta de la Kestio

Memwari yangu ilikuwa juu ya historia ya Swahili yetu ya Katanga. Sehemu ya kwanza, ile tunaita eta de la kestio, yaani mapitio ya yale wengine waliandika mbele yetu, niliiandika kwa majuma matatu. Ilikuwa kurasa kumi na nne, na nilijivunia sana. Direkteri wangu alisoma kurasa mbili, akafunga kaye, akaniangalia.

«Mwana, hawa batu banapita moya moya mbele yangu, hata mumoya hasalimie mwenzake. Banasemezana nini?»

Sikuwa na jibu. Nataka niwaonyeshe shida ilikuwa wapi, juu naona wadogo zetu wengi wanaanguka mahali palepale.

Kurasa zangu zilikuwa hivi, kwa ufupi: «Polomé (1968) anaeleza sauti na sarufi ya Swahili ya Lubumbashi. Fabian (1986) anaandika juu ya Swahili na utawala wa kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji. Kapanga (1991) anachunguza mabadiliko ya Swahili ya Shaba. De Rooij (1996) anachunguza mazungumzo yenye kuchanganya Swahili na Kifaransa.» Kila mutu na paragrafu yake, kila paragrafu inaanza na jina na mwaka.

Hakuna uongo ndani. Lakini jiulize: ukimaliza kusoma, umejua nini juu ya Swahili ya Katanga? Ilitoka wapi? Hujui. Je, ni Swahili iliyovunjika kama vile wageni wa pwani wanatuambia, ama ni lugha iliyokomaa kwa njia yake? Hujui. Je, hawa wanne wanapatana ama wanapingana? Hujui pia. Unajua tu kwamba walikuwako na kwamba mimi niliwasoma. Na ukikata paragrafu ya Fabian ukaiweka nyuma ya ile ya De Rooij, hakuna kinachoharibika. Njo alama ya kwanza ya orodha: vipande vyake vinaweza kubadilishana nafasi na msomaji asitambue.

Direkteri hakuniambia nisome vitabu vingine. Alichukua karatasi moja kubwa, akachora tablo. Kwa upande aliandika majina manne. Juu hakuandika «historia» wala «sarufi», aliandika maswali: Ilitoka wapi? Ilibadilika namna gani? Nani aliipa nguvu? Kisha akaongeza sehemu mbili ambazo mimi singefikiri: Mwandishi anasema juu ya miaka gani? Alitumia chanzo gani, makaratasi ama sauti za watu? Akaniambia nijaze kila kisanduku kwa sentensi moja, na kama mwandishi hasemi kitu, niache kisanduku kitupu. Nisijaze kwa huruma.

Kazi hiyo ilichukua siku nne. Njo hapo nilianza kusikia watu wakisemezana.

Tuchukue swali la kwanza. Nyumbani wote tulifundishwa kwamba Swahili ilikuja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Kuna ukweli ndani: Msiri, mwenye kutoka Unyamwezi, alitawala Bunkeya mpaka alipouawa mwezi wa 12 mwaka 1891, na njia zake za biashara zilifika mashariki mpaka bahari. Lakini Fabian anaonyesha kwamba mstari kutoka misafara mpaka mitaa ya Lubumbashi hauko wa moja kwa moja. Mji wa Elisabethville ulianzishwa 1910, na wafanyakazi wengi wa mwanzo walitoka kusini, upande wa Rhodesia ya Kaskazini, na lugha za kazi za kusini zilisikika sana migodini. Ni baadaye, kampuni ilipoanza kutafuta watu Lomami, Kasai na Rwanda-Urundi, Swahili ilipata nafasi ya kuwa lugha ya kazi. Hapo pia kulikuwa na siasa: Wabelgiji hawakutaka Kiingereza na mazoea ya Rhodesia vitawale mji wao.

Swali la pili njo lenye moto. Polomé, aliyefundisha chuo kikuu cha Elisabethville kuanzia 1956, aliiona Swahili aliyoisikia mjini kama kreoli: lugha iliyorahisishwa na watu wa makabila mbalimbali, kisha ikawa lugha ya nyumbani. Kapanga anakataa njia hiyo. Kwake, mabadiliko mengi ya Swahili ya Shaba ni yale unayongojea pale lugha ya kibantu inapokaa pamoja na lugha zingine za kibantu. Hakuna haja ya kusema kwamba ilivunjika kwanza. De Rooij anaingia kwa mlango mwingine: anaangalia namna maneno madogo ya Kifaransa, kama «donk» na «me», yanavyosaidia msemaji kupanga mazungumzo yake. Kwake kuchanganya siyo ishara ya kukosa lugha. Ni kazi yenye mpango.

Unaona? Katika orodha yangu ya kwanza, Polomé na Kapanga walikuwa mbali kwa kurasa tano. Niliwasoma wote wawili na sikuona kwamba wanagombana. Na ugomvi wao unatugusa siye wote tunaochekwa tukifika Dar es Salaam.

Basi niliandika upya. Paragrafu moja ikawa hivi: «Watafiti hawapatani juu ya njia Swahili ya Katanga ilipita kufika hapa ilipo. Polomé (1968), akitegemea lugha aliyoisikia mjini mwisho wa ukoloni, anaiona kuwa kreoli. Kapanga (1991) anapinga: kwake kukaa pamoja na lugha zingine za kibantu kunatosha kueleza mabadiliko hayo. Lakini wote wawili wanaanza na lugha iliyokwisha kukomaa. Hakuna kati yao aliyesikia namna watu walivyosema katika kambi za mwanzo.» Sentensi ya kwanza inabeba wazo, siyo jina. Majina yanakuja kama mashahidi. Sentensi ya mwisho ni yangu mimi, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyenipa. Ilitoka katika tablo. Angalia pia kwamba Fabian, ambaye mbele alikuwa na paragrafu moja tu, sasa anaonekana katika swali la kwanza na la tatu. Mwandishi mumoja anaweza kurudi mara tatu. Hilo siyo kosa, ni alama kwamba umetoka kwenye orodha.

Kuna mahali nilianguka hata nilipokuwa na tablo, na ninapataja juu wengi wanaanguka hapo.

Kwanza, nilibandika vichwa juu ya orodha ileile. Chini ya «Asili ya lugha» niliweka Polomé, Fabian, Kapanga, kila mutu na paragrafu yake. Direkteri alisoma sentensi ya kwanza ya kila paragrafu tu, akaacha zingine, akarudisha. Fanya vile kwa kazi yako: kama sentensi za kwanza, ukizisoma peke yake, hazikupi hadithi, vichwa havikubadilisha kitu.

Pili, nilipenda sana ugomvi. Niliandika kwamba Fabian na Polomé wanapingana juu ya nguvu ya kampuni. Hawapingani. Fabian alisoma vitabu vidogo vya maneno, sarufi na makaratasi ya utawala kutoka 1880 mpaka 1938. Polomé alisikiliza mji wa miaka ya 1950. Watu wawili wakisema juu ya nyakati mbili tofauti, hawawezi kugombana. Ni ile sehemu ya miaka na vyanzo katika tablo iliyoniokoa. Kwa sisi wa historia hiyo sehemu ni ya lazima, juu mada inapenda kufuta wakati. Kwa hiyo ndani ya kila mada nilifuata mwaka baada ya mwaka.

Tatu, kulikuwa na Vokabileri ya mji wa Elisabethville, ile André Yav aliandika 1965 kwa ajili ya chama cha wafanyakazi wa nyumbani, na Fabian akaichapisha 1990 pamoja na maelezo. Niliiweka katika eta de la kestio kama kazi ya mtafiti wa tano. Haikuingia katika kisanduku chochote. Nilihangaika mpaka nikaelewa: Yav hasemi juu ya Swahili yetu kama mtu wa kuichunguza, anasema ndani yake. Yeye ni chanzo. Maelezo ya Fabian yalibaki katika mapitio, maandiko ya Yav yakaenda katika sehemu ya vyanzo. Kitu kinachokataa visanduku vyote, mara nyingi kiko mahali pasipo pake.

Na mada siyo dawa ya kila kitu. Kama maandiko ni matatu tu, na kila moja linajibu lile la mbele yake, kufuata miaka kunatosha. Mada zinasaidia pale watu wengi wanasema juu ya vitu vichache.

Sasa nirudi kwa kisanduku kitupu. Nilipoweka miaka pembeni ya majina, nikaona shimo. Makaratasi ya Fabian yanaishia 1938. Masikio ya Polomé yanafunguka 1956. Katikati, kwa hao wanne, hakuna kitu. Lakini Union Minière ilianza mwisho wa miaka ya 1920 kuwaacha wafanyakazi wakae kambini na wake zao. Mtoto aliyezaliwa kambini 1932 alikuwa na miaka 24 Polomé alipofika. Ni watoto wale waliocheza pamoja, huyu mama yake wa Kasai, yule wa Rwanda, mwingine Mubemba. Kama lugha ilifanyika lugha ya nyumbani, ilifanyika midomoni mwao, katika miaka ile ile. Hilo likawa swali la memwari yangu, na lilizaliwa na kisanduku, siyo na kitabu.

Karibu na kwetu kulikuwa mzee mumoja aliyekulia kambini wakati wa vita. Tulikuwa tunamusalimia kila siku tukienda kuchota maji. Nilipoanza orodha yangu ya kurasa kumi na nne alikuwa anakaa bado mbele ya nyumba yake kila mangaribi. Nilipomaliza tablo na kuelewa ni nani wa kuuliza, tulikuwa tumekwisha kumuzika tangu miezi miwili. Nilipata wazee wengine watatu, na mmoja wao alikumbuka nyimbo za michezo ya kambi. Lakini yule wa kwetu, sikumuuliza hata neno moja.

Waliozaliwa miaka ile sasa wamepita miaka 85. Mwenye kuandika juu ya mji wetu mwaka huu, achore tablo yake mbele ya kuandika paragrafu ya kwanza.