Muhtasari wa kuhamia chati mpya: ulitoka wapi, na kwa nini bado tunauhitaji

Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa MIT alichapisha maelezo ya ELIZA, programu iliyoongea na mtu kwa maandishi. ELIZA ilikuwa na kijistoo kidogo cha kumbukumbu. Mtu akiandika sentensi fulani inayohusu kitu “changu” au mtu “wangu”, programu iliiweka pembeni, kisha ikaitoa baadaye pale ilipoishiwa cha kusema. Ilikuwa mbinu ndogo tu, lakini mtu aliyekaa upande wa pili aliona kama anakumbukwa.

Sasa rukia miaka ya karibuni. Modeli kubwa za lugha zinazoendesha programu kama ChatGPT zina uwezo mkubwa kuliko ELIZA, lakini modeli yenyewe haibaki na chochote cha mazungumzo baada ya kujibu. Kila unapotuma ujumbe, programu hukusanya mazungumzo yote ya nyuma, huyaunganisha na ujumbe wako mpya, na kuyapeleka tena kama andiko moja refu. Modeli husoma upya kuanzia mwanzo. Yaani inachoonekana kukumbuka ni kile tu kilichomo kwenye andiko hilo.

Na andiko hilo lina kikomo, kinachoitwa dirisha la muktadha. Hupimwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno. Kikomo hiki kina asili yake. Mwaka 2017 watafiti wa Google walileta muundo wa transfoma, ambamo kila tokeni hulinganishwa na nyingine. Ukiongeza urefu wa andiko mara mbili, kazi ya ulinganishaji huongezeka mara nne. Ndiyo maana madirisha yalianza madogo: GPT-2 ya mwaka 2019 ilikuwa na tokeni 1,024, na GPT-3 ya mwaka 2020 ilikuwa na 2,048. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, dirisha lake lilikuwa takriban tokeni 4,000, sawa na maneno 3,000 hivi ya Kiingereza. Kwa Kiswahili ni maneno machache zaidi, maana neno kama “hawatatuambia” hukatwa vipande kadhaa.

Hapo ndipo watumiaji walipoanza kuona kitu cha ajabu. Mazungumzo yakirefuka, makubaliano ya mwanzo yanapotea kimyakimya, bila onyo lolote. Njia ya mkato ikawa hii: andika muhtasari wa mlichofanya, fungua chati mpya, bandika, endelea. Kufikia mwaka 2023, LangChain, maktaba inayotumiwa na waunda programu, ilikuwa na kijenzi cha kufupisha mazungumzo chenyewe, kiitwacho `ConversationSummaryMemory`.

Unaweza kusema hilo lilikuwa tatizo la zamani, kwa sababu Februari 2024 Google ilitangaza Gemini 1.5 yenye dirisha la hadi tokeni milioni moja. Lakini dirisha kubwa halikumaliza kazi. Utafiti wa mwaka 2023 wa Nelson Liu na wenzake ulionyesha kwamba modeli walizozipima zilitumia vizuri habari zilizo mwanzoni na mwishoni mwa andiko refu, na vibaya zaidi zile za katikati. Kwa hiyo uamuzi mliofanya katikati ya chati ndefu unaweza kuwa ndani ya dirisha na bado usitumike. Muhtasari mfupi unaubandika mwanzoni kabisa.

Swali linalobaki ni: muhtasari huo uwe na nini? Tuchukue mfano, na namba zake ni za mfano tu. Mwanafunzi wa uzamili anasafisha data ya mvua ya kila siku ya kituo kimoja cha Dodoma, kuanzia 1991 hadi 2020. Chati imekuwa ndefu na majibu yameanza kupingana. Anafungua mpya na kubandika hivi: “Tunasafisha data ya mvua ya Dodoma. Tumefika 2008. Endelea na 2009.”

Inaonekana inatosha, si ndiyo? Lakini faili lake linaandika -99.9 kila siku ambayo kipimo hakikuchukuliwa. Chati ya zamani ililijua hilo, mpya hailijui. Chukua mwaka uliokuwa na milimita 580 za mvua na siku tatu bila kipimo. Zile -99.9 zikijumlishwa kama mvua, milimita 299.7 zinatolewa, na jumla inakuwa 280.3. Ingekuwa hasi, angeshtuka. Hii ni chanya, na kwa Dodoma inafanana kabisa na mwaka wa ukame. Ikiingia kwenye tasnifu, mwanafunzi atakuwa ametangaza ukame ambao haukutokea.

Muhtasari unaofaa kwa kazi hiyohiyo ungekuwa hivi: “Data ya mvua ya kila siku, 1991 hadi 2020, kwa milimita. Faili `mvua_ghafi.csv` haliguswi. Kazi inaandikwa kwenye `mvua_safi.csv`. Namba -99.9 maana yake hakuna kipimo, iondolewe kabla ya kujumlisha. Mwaka wenye zaidi ya siku 10 bila kipimo hautumiki. Tulijaribu kujaza mapengo kwa wastani wa mwezi, tukaacha, kwa sababu ulizalisha siku za manyunyu ambazo hazikuwepo. Tumemaliza hadi 2008. Jumla iliyohakikiwa ya mwaka 2004 ni 580. Kinachofuata: 2009.”

Sentensi mbili hapo ndizo watu wengi huziruka. Ya kwanza ni ile ya njia iliyoachwa, pamoja na sababu yake. Bila hiyo, chati mpya inaweza kupendekeza wastani wa mwezi kwa sauti ya uhakika, nawe ukarudi ulikotoka. Ya pili ni jumla ya 2004, ambayo ndiyo kipimo chako. Kabla ya kugusa 2009, agiza mwaka 2004 ujumlishwe upya kutoka kwenye faili ghafi. Jibu likiwa 280.3, unajua mara moja ni kanuni gani haijafuatwa. Ila usiweke 580 kwenye muhtasari unaoubandika kwa jaribio hilo, maana modeli inaweza kukurudishia namba uliyoipa. Ibakize kwenye nakala yako.

Kuna mipaka pia. Muhtasari haubebi faili. Data na toleo la mwisho la kodi lazima viambatishwe vyenyewe, visielezwe kwa maneno. Pili, usifupishe ufupisho. Ukifika chati ya tano kwa kufupisha ile ya nne kila mara, ni kama fotokopi ya fotokopi: “zaidi ya siku 10” inageuka “siku nyingi”, halafu inapotea. Weka muhtasari kwenye faili lako la maandishi na ulisahihishe kwa mkono kila uamuzi unapobadilika.

Leo hatua hii imeshakuwa amri. Katika Claude Code, kwa mfano, ukiandika `/compact` mazungumzo yanafupishwa papo hapo na kazi inaendelea. Ni rahisi, lakini ufupisho wa mashine huelekea kubeba kilichozungumzwa sana, na kanuni ya -99.9 huenda ilitajwa mara moja tu, siku ya kwanza. Usome kabla ya kuendelea, na utafute humo namba moja unayojua haipaswi kukosekana.