IT, OM, COB: namna ya kutafuta maana ya herufi za mkato katika barua-pepe ya kazi

Sekretari wa shirika moja ndogo la kijiji katika Kivu anafungua simu yake saa ine ya asubui. Kuko barua-pepe mpya kutoka kwa mratibu wa mradi wa chanjo, mtu anayefanya kazi mjini. Imeandikwa hivi:

```
Bjr à tous,
Cfr TdR en PJ. Réunion au BCZ vendredi avec les IT
des 6 AS. Envoyer la liste des RECO avant COB.
Transport payé par OM. MCZ en cc.
```

Kifaransa anakijua, alikisoma mpaka diplome ya État. Lakini hapa maneno ya kawaida ni machache, na zingine zote ni herufi tu. "Bjr" na "PJ" hazimsumbui: ya kwanza ni salamu, ya pili ni "pièce jointe", maana yake kuko karatasi imefungwa pamoja na barua. Shida inaanza kwa IT. Huyu sekretari aliisha kuona IT mlangoni mwa biro moja ya Goma, pale wanapotengeneza ordinateri. Basi anawaza kwamba siku ya Ijumaa mafundi wa ordinateri wataitwa. Akifuata wazo lile, wauguzi sita hawatapata mwaliko.

Kosa la namna hii halitokani na ujinga. Herufi mbili ao tatu zinaweza kubeba maana nyingi, na maana inategemea nani anaandika na kwa kazi gani. Kwa hiyo jambo la kwanza si kukimbia kwenye intaneti, ni kuangalia mwandishi. Barua inatoka wapi? Inahusu nini? Hapa ni chanjo, kwa hiyo ni mambo ya afya, na afya katika Kongo iko na ngazi zake. Juu katika jimbo kuko DPS, "Division provinciale de la santé". Chini yake kuko maeneo ya afya, ambayo ni 519 katika inchi nzima, na kila moja inaongozwa na BCZ, "Bureau central de la zone de santé". Mkubwa wa pale ni muganga, MCZ, "Médecin chef de zone". Kila eneo limegawanywa katika AS, "aires de santé", na katika kila AS kuko kituo cha afya chenye muuguzi mkubwa. Huyo njo IT: "Infirmier titulaire". RECO ni "relais communautaire", wale watu wa mtaa wanaopita nyumba kwa nyumba kuambia wazazi siku ya chanjo.

Mtu akiisha kujua ngazi ile, barua inafunguka karibu yote. "Les IT des 6 AS" haiwezi kuwa mafundi wa ordinateri, kwa sababu aire ya afya haina fundi wake, lakini iko na muuguzi wake. Maneno ya pembeni yanamaliza ubishi.

Kama ngazi ile haijulikani, mahali pa kuangalia ni karatasi iliyofungwa na barua. TdR ni "termes de référence", karatasi inayoeleza kazi itakayofanyika, nani ataifanya na kwa siku ngapi. Mara nyingi, mwanzoni mwa karatasi za namna hii kuko ukurasa wenye kichwa "Sigles et abréviations". Wengi wanauruka, na kumbe majibu yamepangwa pale kwa alfabeti. Kama ukurasa hauko, fungua PDF, bonyeza alama ya kutafuta na kuandika herufi zile. Mwandishi mzuri anaandika jina lote mara ya kwanza na kuweka herufi katika mabano, kisha anatumia herufi peke yake. Barua za zamani pia zinasaidia: andika BCZ katika sehemu ya kutafuta ya Gmail, na pengine barua ya miezi sita iliyopita itaonyesha jina zima.

Intaneti inakuja nyuma ya hayo. Ukiandika IT peke yake, utapata ordinateri mpaka asubui. Unapaswa kuongeza neno la kazi na jina la inchi:

```
"IT" "aire de santé" RDC
sigles abréviations "zone de santé" RDC filetype:pdf
```

Mstari wa pili unaleta ripoti za PDF zenye orodha ya herufi ndani. Alama za kufunga na kufungua zinalazimisha maneno yabaki pamoja.

Kuko mtego mwingine kwa watu wa mashariki, juu mashirika yanachanganya Kifaransa na Kiingereza katika barua moja. Kila mtu anajua kwamba VIH na HIV ni virusi vimoja. Ni vilevile kwa PDI na IDP, wakimbizi wa ndani. Kwa VBG na GBV, jeuri kwa sababu ya jinsia. Kwa PAM na WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Kama herufi hazitoi kitu katika Kifaransa, jaribu kutafuta kwa Kiingereza.

Sasa inabaki OM, na hapa kuko franka ndani. Katika biro nyingi OM ni "ordre de mission", ile karatasi ya safari yenye muhuri. Lakini ni vilevile Orange Money. Njia ya kupima ni kuweka jina zima pahali pa herufi na kusoma mstari tena. "Transport payé par ordre de mission": karatasi hailipe mtu. "Transport payé par Orange Money": hii inasimama. Kwa hiyo orodha ya RECO inapaswa kuwa na namba za simu zenye kupokea pesa, la sivyo watu watatembea na hawatalipwa. Kama barua ingesema kila mtu afike na OM yake, hapo ingekuwa karatasi.

COB ni ya Kiingereza: "close of business", mwisho wa saa za kazi. Maana inajulikana, lakini saa haijulikani. Kama mratibu yuko Kinshasa na anafunga biro saa 17:00, huku Kivu itakuwa 18:00. Kama yuko Goma na anafunga 15:30, muda ni mfupi zaidi. Tena barua haikusema siku. Kwa kawaida COB bila siku ni leo, lakini mwingine angesoma Ijumaa. Hapo hakuna orodha wala Google itakayosaidia, na kuuliza si haya. Sekretari anamjibu mratibu peke yake, kwa sababu MCZ na wengine wote hawana haja ya kusoma ulizo hili:

```
Bonjour, la liste des RECO : aujourd'hui, à quelle heure
(Goma ou Kinshasa) ? OM = Orange Money, donc avec les numéros ?
```

Jibu linarudi nyuma ya dakika kumi: "Oui, Orange Money. 16h, heure de Goma." Anachukua kaye la biro, anaandika IT kwa mistari miwili, mmoja wa barua za afya, mwingine wa barua za ordinateri, kisha anaanza kupigia RECO simu ili aombe namba zao.