Barua ya kukubali kujiuzulu: Tarehe moja huamua malipo yote

MWAJIRIWA anapowasilisha barua ya kujiuzulu, mwajiri hana uwezo wa kumkatalia. Ajira hukoma kwa uamuzi wa anayeondoka, pindi muda wa notisi unapokamilika. Kwa hivyo barua ya mwajiri ya kujibu, ijapokuwa huanza kwa neno "tumekubali", si kibali. Manufaa yake ni kuweka katika maandishi siku ya mwisho, hesabu ya fedha na jinsi mali ya kampuni itakavyorudishwa.

Chukua mfano wa karani wa bohari katika yadi ya makasha huko Changamwe, mkazi wa Likoni ambaye huvuka feri kila alfajiri kwenda kazini. Mshahara wake ni Sh30,000 kwa mwezi na alikabidhi barua yake Jumanne, Septemba 2, 2025. Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka anayelipwa kwa mwezi kutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba uwe umeweka muda mrefu zaidi. Siku hizo huhesabiwa kuanzia kesho yake, nazo hukamilika Septemba 30.

Jibu linalofaa laweza kuwa fupi:

"Tumepokea barua yako ya Septemba 2, 2025, na tumekubali uamuzi wako. Siku yako ya mwisho kazini itakuwa Septemba 30. Utalipwa mshahara wa Septemba na siku 10.5 za likizo ambazo hukuchukua, baada ya makato ya kisheria na Sh4,000 ulizopewa kabla ya mshahara. Tafadhali rudisha funguo za bohari, redio ya mawasiliano, kofia ngumu na kitambulisho cha kazi ifikapo siku hiyo. Cheti chako cha utumishi kitakuwa tayari siku iyo hiyo."

Tarehe ya Septemba 30 ndiyo nguzo ya hesabu yote. Iwapo meneja angeandika kwamba karani aondoke Septemba 12, kampuni ingelazimika kumlipa hadi Septemba 30, maana ni yenyewe iliyoamua kumwachilia mapema, isipokuwa wawili hao wawe wameafikiana vingine. Karani naye akitoweka bila notisi, ndiye anayedaiwa mshahara wa siku hizo.

Likizo ndiyo huzua ubishi mwingi. Sheria hutoa angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, yaani siku 1.75 kwa kila mwezi. Mwaka wa likizo wa karani huyu ulianza Aprili 1, hivyo miezi sita inampa siku 10.5. Kwa kuwa hizo ni siku za kazi, mshahara hugawanywa kwa siku 26 ambazo mtu wa zamu ya siku sita hufanya kazi kwa mwezi, na malipo huwa takriban Sh12,115. Mhasibu akigawanya kwa 30, atapata Sh10,500. Karani atakuwa amepunjwa zaidi ya Sh1,600 pasipo mtu kusema uongo.

Kisha huja fomu ya makabidhiano, inayozungushwa kwa msimamizi wa bohari, walinzi, mhasibu na idara ya wafanyakazi. Mara nyingi hukwama kwenye saini moja: msimamizi yuko likizoni, au ofisi kuu iko kisiwani na anayeondoka amekwisha kurudi ng'ambo. Dawa ni kukabidhi kila kifaa kwa orodha yenye tarehe na kubaki na nakala. Redio ikikosekana, bei yake haikatwi hivi hivi tu. Sheria huruhusu makato ya kiasi cha haki pale mali ilipopotea au kuharibika kwa makusudi ya mfanyakazi.

Cheti cha utumishi hakitegemei fomu hiyo. Kila aliyefanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi hustahili kukipata, na mwajiri anayekinyima kwa makusudi aweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Si barua ya sifa. Hutaja kazi iliyofanywa, mahali, na tarehe za kuanza na kumaliza.

Saini ya kuogopwa ni ile ya hati isemayo "nimelipwa yote na sina dai lingine". Mwaka wa 2018, katika kesi iliyohusu kampuni ya Coastal Bottlers ya Mombasa, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba hati ya namna hiyo, ikitiwa saini kwa hiari, humfunga mfanyakazi. Karani wa Changamwe anapaswa kwanza kuona mchanganuo wa Sh42,115 zake kabla ya makato, mstari kwa mstari. Asiporidhika, aweza kuandika kando ya saini kwamba amepokea fedha lakini anapinga hesabu ya likizo, kisha apeleke nakala kwa afisa wa leba. Dai la mkataba wa ajira hupewa miaka mitatu kufikishwa kortini.