Alama ya sauti

Alama ya sauti ni muhtasari wa rekodi unaoiwezesha kompyuta kuutambua wimbo kwa kipande kifupi tu. Mfano unaojulikana zaidi ni Shazam, iliyoanza Uingereza mwaka 2002. Mbinu yake ilielezwa na Avery Wang mwaka 2003.

Programu huchora ramani ya sauti kwa muda na masafa, kisha hubakiza vilele, yaani nukta zenye nguvu kuliko jirani zake. Kelele za baa hufuta baadhi tu ya vilele hivyo. Vilele huunganishwa viwiliviwili: tuseme kimoja cha mitetemo 820 kwa sekunde, kingine cha 1,230, vikipishana sekunde 0.60. Namba hizo tatu hufanywa ufunguo mmoja wa kutafutia kwenye hifadhidata.

Ufunguo mmoja hupatikana katika nyimbo nyingi, hivyo hautoshi. Kinachoamua ni mpangilio. Ikiwa ufunguo wa sekunde ya 3 ya kipande uko sekunde ya 65 ya rekodi, na wa sekunde ya 5 uko ya 67, tofauti ni 62 kila mara. Funguo nyingi zikikubaliana hivyo, wimbo umepatikana.

Jukwaani, bendi ikipunguza mwendo kidogo, 0.60 huwa 0.63, na ikishusha ufunguo wa muziki, vilele navyo huhama. Msikilizaji husikia wimbo uleule, lakini mashine haipati funguo za kutosha zinazokubaliana. Ikiutambua wimbo wa mwimbaji wa jukwaani papo hapo, huenda anafungua mdomo tu juu ya rekodi.