Tangazo la dharura lipiteje foleni bila kuvuruga posti nyingine?

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa taarifa mfululizo. Mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa. Siku kama hiyo, ukurasa wenye posti zilizopangwa tangu jana unahitaji kanuni ya nani apite mbele.

Kosa la kusukuma foleni

Tuseme unaendesha ukurasa wa wakulima wa Nachingwea na Ruangwa. Saa 1:30 asubuhi umepanga posti ya chanjo ya mifugo, saa 2:00 bei za mbegu, na saa 3:30 kumbusho la mnada wa korosho utakaoanza saa 4:00.

Saa 1:25 zinaingia habari kuwa maji yamefunika barabara ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Mfumo mbovu unalichomeka tangazo hilo, kisha unasogeza posti zote nusu saa. Likija tangazo la pili la dharura, zinasogea tena. Kumbusho la mnada linatoka saa 4:30, mnada umeshaanza!

Kanuni inayofaa

Kila posti ibaki na saa yake. Dharura haichukui nafasi ya mtu, inatoka papo hapo, kisha inaachiwa dakika 20 za kimya ili isifunikwe na posti nyingine.

Kwa hiyo tangazo la barabara linatoka saa 1:25. Posti ya chanjo imeangukia ndani ya kimya, inasubiri hadi saa 1:45. Za saa 2:00 na 3:30 haziguswi. Imesogea moja tu.

Kila posti ipewe pia saa ya mwisho. Ya mnada iandikiwe saa 4:00. Ikitokea kimya kinaisukuma kupita hapo, isitoke kimyakimya, bali mhariri aulizwe: itoke sasa hivi au ifutwe?

Dharura mbili zikigongana, itangulie inayohusu uhai wa watu. Zikilingana uzito, iliyofika kwanza ndiyo itoke kwanza.

Mipaka yake

Mfumo unajua saa, haujui maana. Kama umepanga posti ya "Leo anikeni korosho" na TMA imetangaza mvua kubwa, ni mtu ndiye wa kuizuia. Kila dharura ikitoka, pitia posti za saa zinazofuata.

Andika saa ndani ya tangazo lenyewe, mfano "Hali ya saa 1:25 asubuhi", maana simu isiyo na mtandao italipokea baadaye.

Mwisho, alama ya dharura iwe mikononi mwa watu wawili watatu. Ukiona hata matangazo ya biashara yana alama hiyo, jua foleni imerudi palepale: wote wako mbele, hakuna aliye mbele.